Simu inapoikimbia Wi-Fi: maana ya swali linalotokea kwenye skrini

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha wadi kuhusu matumizi ya Wi-Fi za umma



Kuna lalamiko linalosikika kila mahali palipowekwa Wi-Fi ya bure, iwe ni maktaba, soko au ofisi ya wadi. Mkazi anaingia, anaichagua Wi-Fi, anaona alama yake juu ya skrini, anaanza shughuli zake. Baada ya dakika chache alama ile imetoweka na badala yake zinaonekana herufi 4G. Akirudi kuiunganisha, inakaa kidogo na kutoweka tena. Wengi husema simu "inajizima Wi-Fi," na wengine wamewahi kupeleka simu kwa fundi na kulipa pesa kwa sababu hiyo.

Mara nyingi simu haina kasoro, na Wi-Fi yenyewe haijazimwa. Mkazi akifungua mipangilio atakuta swichi ya Wi-Fi bado imewashwa. Kilichotokea ni kwamba simu imeipima ile Wi-Fi, ikaamua kwamba haina intaneti, kisha ikahamia kwenye data ya laini. Aghalabu ilimuuliza mwenyewe kwanza. Swali lile hutokea haraka, mara nyingi kwa Kiingereza, na mtu mwenye shughuli hubonyeza lolote ili limwondokee. Maelezo haya yanahusu swali hilo: linatoka wapi, linauliza nini hasa, na kila jibu lina matokeo gani kwa bando la mtu.

Jambo la kwanza ni kutenganisha Wi-Fi na intaneti, maana watu huvitaja kama kitu kimoja. Mkazi afikirie mfereji wa nyumbani. Bomba linaweza kuwa zima kutoka jikoni hadi kwenye tangi, lakini tangi likiwa tupu hakuna maji yatakayotoka. Wi-Fi ni lile bomba fupi kati ya simu na rauta, kile kisanduku chenye taa kilichobandikwa ukutani. Intaneti ni maji yanayoletwa kwenye tangi na kampuni ya mtandao. Mistari ya Wi-Fi ikijaa kwenye skrini, maana yake ni kwamba bomba ni zuri. Haisemi lolote kuhusu tangi.

Simu inajuaje kama tangi lina maji? Inaonja. Simu nyingi za Android zinapojiunga na Wi-Fi, kabla mwenyewe hajafungua chochote, hutuma ombi dogo sana kwa seva ya Google kwenye anwani hii:

```
http://connectivitycheck.gstatic.com/generate_204
```

Seva ile ina kazi ya kujibu kwa namba tu. Hujibu 204, ambayo katika lugha ya tovuti ina maana "ombi limefika, hakuna cha kuonyesha." Hakuna picha wala maandishi. Simu ikipata 204, inaridhika kwamba njia iko wazi mpaka nje, na mwenyewe hataona ujumbe wowote. Pamoja na ombi hilo, simu hutuma jingine linalopita kwa njia iliyofungwa kwa usalama, ile inayoanza na https, ili kuhakikisha kwamba hata tovuti zenye ulinzi zinafikika. Simu za iPhone zina kipimo chao chenye nia ileile. Huomba ukurasa mdogo kutoka captive.apple.com na kutarajia neno moja tu, "Success".

Kipimo hiki hakipimi kasi. Wi-Fi inaweza kujibu 204 vizuri kabisa na bado ikashindwa kufungua picha moja kwa dakika tano kwa sababu watu 60 wanaitumia kwa pamoja. Mkazi asishangae simu ikikaa kimya kwenye Wi-Fi iliyolemewa. Kwa kipimo chake, intaneti ipo.

Sasa, kipimo kinaweza kushindwa kwa namna mbili kubwa, na simu huzitofautisha.

Namna ya kwanza ni simu kutuma ombi na kupata jibu ambalo haikulitarajia. Iliomba ukurasa mtupu, ikaletewa ukurasa wenye maandishi. Hivi ndivyo zinavyofanya Wi-Fi nyingi za umma, za hoteli na za hospitali. Rauta huzuia kila mtu mlangoni hadi aweke namba ya simu, akubali masharti au anunue tiketi ya muda. Ombi la simu linapopita, rauta hulidaka na kulirudisha na ukurasa wa kujiandikisha. Simu inaelewa kwamba kuna mlinzi mlangoni, na huonyesha ujumbe "Sign in to Wi-Fi network" au maneno yanayofanana na hayo. Mpaka mwenyewe ajiandikishe, simu haitaitumia Wi-Fi hiyo kwa shughuli zake. Ikiwa data ya laini imewashwa, kila kitu kitapita kwenye data, hata kama jina la Wi-Fi linaonekana limeunganishwa.

Namna ya pili ni kimya. Ombi linatumwa na hakuna kinachorudi. Labda kampuni ya mtandao ina hitilafu, labda kifurushi cha rauta kimekwisha, labda waya umekatika barabarani. Hapo simu huandika chini ya jina la Wi-Fi "Connected without internet" au "No internet", na mara nyingi huweka alama ya mshangao, !, kando ya alama ya Wi-Fi. Kisha, sekunde chache baada ya kujiunga, huleta swali. Kwenye simu nyingi za Android linasomeka hivi: "This network has no internet access. Stay connected?" Chini yake kuna kisanduku cha kuweka tiki, "Don't ask again for this network", na vitufe viwili, "No" na "Yes". Watengenezaji hubadilisha maneno, na simu iliyowekwa Kiswahili itauliza kwa Kiswahili, lakini swali ni lilelile.

Tafsiri ya moja kwa moja ni "Mtandao huu hauna intaneti. Je, ubaki umeunganishwa?" Watu wengi husoma maneno ya mwanzo, wanaona "no internet", wanadhani wanaambiwa kuna tatizo, wanabonyeza "No" wakimaanisha "sitaki tatizo." Simu haikusikia hivyo. Kwa simu, "No" ina maana: achana na Wi-Fi hii, nenda kwenye data. "Yes" ina maana: najua haina intaneti, kaa hapo hapo.

Kile kisanduku kidogo ndicho chenye uzito kuliko vitufe vyenyewe, na ndicho kinachowekwa tiki bila kufikiri. Mtu akiweka tiki na kubonyeza "No", simu hulikumbuka jibu hilo. Kesho akipita karibu na Wi-Fi ileile, hata kama intaneti imerudi, simu haitajiunga yenyewe. Atalalamika kwamba Wi-Fi ya maktaba imemkataa, kumbe yeye ndiye aliyeikataa wiki iliyopita. Akiweka tiki na kubonyeza "Yes", mambo ni kinyume. Simu itang'ang'ania Wi-Fi ile hata siku ambayo rauta haina kitu. Ujumbe wa WhatsApp hauingii, barua pepe hazifiki, na mwenyewe anadhani kampuni ya laini imeharibika, ilhali bando lake liko pale na simu imekatazwa kulitumia.

Dawa ya makosa yote mawili ni moja. Mkazi anafungua Settings, anaingia kwenye Wi-Fi, anagusa jina la mtandao ule au alama ya gia iliyo kando yake, kisha anabonyeza "Forget". Simu inausahau mtandao pamoja na majibu yote aliyowahi kutoa. Anajiunga upya kwa nenosiri kama mara ya kwanza, na swali litakuja tena likihitajika. Kabla ya kubonyeza "Forget", ahakikishe analo nenosiri, maana simu italisahau pia.

Ili mambo haya yaonekane yanavyofanya kazi kwa pamoja, chukua mfano wa mama aliyefika kwenye ofisi ya wadi saa nane mchana, siku ya mwisho ya kutuma maombi ya basari mtandaoni. Dirisha linafungwa saa kumi na moja. Ana simu yake, mwanawe wa kidato cha pili na mtoto mdogo wa miaka mitano. Asubuhi alinunua bando la MB 250 alilotaka limfikishe Jumapili. Fomu inataka viambatisho vitano: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, barua ya shule, karatasi ya karo na ripoti ya muhula. Kila picha kutoka kwenye kamera ya simu ina takriban MB 4, kwa hiyo zote ni kama MB 20. Kwa bando lake hilo si kitu, na kwa Wi-Fi ya bure hata asingelifikiria.

Anajiunga na Wi-Fi. Ujumbe wa kujiandikisha unatokea, mwanawe anaweka namba ya simu, anapata nambari ya siri kwa SMS, wanaingia. Kipimo kinapata 204. Kila kitu kinapita kwenye Wi-Fi. Wanajaza majina, wanapakia kitambulisho, wanapakia cheti cha kuzaliwa. Ripoti ya muhula haipo. Imebaki nyumbani, na inabidi jirani aipige picha na kuituma kwa WhatsApp. Wanasubiri. Mtoto mdogo analia, anapewa simu aangalie katuni, kwa kuwa "hii ni ya bure."

Jambo ambalo hakuna aliyewaambia ni kwamba Wi-Fi hiyo huruhusu kila simu kwa dakika 30, kisha mtu hutakiwa kujiandikisha upya. Dakika 30 zinapoisha, rauta inafunga mlango tena. Simu hurudia kipimo chake mara kwa mara hata baada ya kuunganishwa, hasa inapohisi kwamba kuna kitu hakipiti. Inatuma ombi, inaletewa ukurasa wa kujiandikisha badala ya 204, inaamua kwamba Wi-Fi haifai, inahamia kwenye data ya laini. Ujumbe wa kujiandikisha unatokea juu ya skrini, lakini mtoto wa miaka mitano anausukuma kando kwa kidole kwa sababu umefunika katuni. Katuni inaendelea bila hata kusita, sasa kwa bando la mama. Dakika 20 za video zinaweza kula zaidi ya MB 100, na video ikiwa safi zaidi, hula zaidi ya hapo.

Ripoti inafika. Mama anachukua simu na kuanza kupakia barua ya shule. Mwanawe anaona alama ya 4G, anasema "Mama, Wi-Fi imejizima," anairudisha. Hapo ndipo upakiaji unapokatika katikati. Faili inayopakiwa hupita kwenye njia moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Simu ikihama kutoka data kwenda Wi-Fi au kinyume chake, njia ile inakufa na faili inaanza upya. Wanajaribu mara tatu. Kila mara Wi-Fi inapounganishwa, kipimo kinashindwa na simu inarudi kwenye data, na kila mara faili inakatika ikiwa nusu. Saa tisa na nusu unaingia ujumbe wa kampuni ya simu kwamba bando limekwisha.

Walichohitaji kufanya ni mambo mawili, na yote yangechukua chini ya dakika moja. La kwanza lilikuwa kuzima data ya laini kabla ya kuanza. Data ikiwa imezimwa, simu haina pa kukimbilia. Mlango wa Wi-Fi ukifungwa, katuni ingesimama palepale, mtoto angelia, na mama angejua kwamba kuna kitu kimebadilika. Kwa shughuli yoyote yenye muda wa mwisho, kwenye Wi-Fi ya umma, hii ndiyo hatua ya maana kuliko zote. La pili lilikuwa kujiandikisha tena. Mwana alikuwa akizima na kuwasha Wi-Fi, jambo ambalo haliwezi kumfungulia mlango. Alipaswa kuvuta chini sehemu ya juu ya skrini, kuugusa ule ujumbe wa kujiandikisha na kuweka namba upya.

Ujumbe ukishafutwa na hauonekani tena, kuna njia ya kuuita. Mkazi anazima data, anafungua Chrome au programu yoyote ya kusomea tovuti, anaandika neverssl.com kisha anabonyeza kutafuta. Tovuti hiyo imetengenezwa makusudi ifunguke bila ulinzi, ili mlinzi wa Wi-Fi aweze kuidaka. Ukifunguka ukurasa wa kujiandikisha, mtu yuko mlangoni, ajiandikishe. Ikifunguka neverssl.com yenyewe, intaneti ipo na tatizo liko kwingine. Isipofunguka kabisa, mara nyingi rauta yenyewe haina intaneti, na hapo hakuna kitufe cha simu kitakachosaidia. Amwambie mhudumu wa pale. Njia hii ni bora kuliko kujaribu WhatsApp au Facebook, kwa sababu programu hizo huonyesha ujumbe na picha za zamani zilizohifadhiwa kwenye simu, na mtu akadhani mtandao unafanya kazi.

Neno la tahadhari kuhusu ukurasa wa kujiandikisha. Kuombwa namba ya simu, jina au kukubali masharti ni jambo la kawaida. Wi-Fi za kulipia huomba malipo, na malipo ya kweli huleta ombi la M-Pesa kwenye simu, nje ya ukurasa huo, na PIN huwekwa hapo. Ukurasa wa Wi-Fi unaoomba PIN ya M-Pesa iandikwe ndani yake ni wa wizi. Mkazi aufunge na kuusahau mtandao huo mara moja.

Kuna swali jingine linalofanana na lile la kwanza lakini si lilo. Husema: "Some apps and services may not work due to limited connectivity. Use anyway?" Hili hutokea kipimo kimoja kinapopita na kile cha https kinaposhindwa. Kwa lugha ya mfereji, maji yanatoka lakini kidogo na kwa bomba moja tu. Wakati mwingine rauta ndiyo inayozuia. Lakini kuna sababu moja ya nyumbani kabisa ambayo hata baadhi ya mafundi huipita, nayo ni tarehe ya simu.

Tovuti zenye ulinzi hutumia vyeti vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kama leseni ya dereva. Simu huangalia cheti na kukilinganisha na saa yake yenyewe. Simu iliyokaa miezi bila chaji kwenye kabati, au iliyobadilishwa betri, inaweza kuamka ikidhani ni miaka kadhaa iliyopita. Kwa saa hiyo, kila cheti kinaonekana hakijaanza kutumika, na simu inakataa kila tovuti yenye ulinzi. Wi-Fi ni nzima, simu ni nzima, saa ndiyo mbovu. Dalili yake ni kwamba simu hii inalalamika kwenye kila Wi-Fi inayojiunga nayo, huku simu za wengine kwenye Wi-Fi zile zile ziko sawa. Mkazi aingie Settings, atafute "Date & time", aweke tarehe na saa sahihi kwa mkono, kisha awashe ile ya kujipanga yenyewe.

Dalili hiyo ya kulinganisha simu mbili ina thamani katika kila kesi. Ikiwa simu zote chumbani zinalalamika, tatizo ni Wi-Fi. Ikiwa ni simu moja tu, tatizo ni mpangilio wa simu hiyo, na mbali na tarehe kuna mahali pengine pa kutazama. Baadhi ya vijana huweka anwani ya kuzuia matangazo kwenye sehemu inayoitwa "Private DNS". Wi-Fi nyingi za ofisi na shule haziruhusu anwani hizo, na simu husema "Private DNS server cannot be accessed" na kuhukumu kwamba hakuna intaneti. Kurudisha sehemu hiyo kwenye "Automatic" hutatua. Programu ya VPN iliyoachwa ikiwaka inaweza kuleta sura kama hiyo, kwa hiyo izimwe kwanza kabla ya kulaumu mtandao.

Upo pia wakati ambapo simu inasema hakuna intaneti na inasema kweli, lakini mwenyewe anataka kubaki. Mwenye duka anapofunga kamera ya usalama, au mtu anapounganisha simu na printa, kifaa hicho hutoa Wi-Fi yake chenyewe ili simu ikipe maagizo. Wi-Fi hiyo haina intaneti na haikukusudiwa kuwa nayo. Simu haijui hivyo. Inapima, inakosa 204, inauliza, na mtu akibonyeza "No" au akikawia, inarudi kwenye data na kamera inasema "haionekani." Watu wamerudisha kamera nzima dukani kwa sababu ya kitufe hiki. Hapa jibu sahihi ni "Yes", na kuzima data hadi kazi iishe. Tiki ya kutouliza tena haina ubaya hapa, kwa kuwa mtandao ule hautakuwa na intaneti hata kesho.

Kwenye baadhi ya simu kuhama hutokea bila swali lolote, kwa sababu kuna mpangilio unaoiruhusu simu kuamua peke yake, na hapo huangalia pia udhaifu wa Wi-Fi mbali na kukosa intaneti. Kwenye Samsung, mpangilio huo huitwa "Switch to mobile data" na upo ndani ya mipangilio ya ziada ya Wi-Fi, kwenye vitone vitatu vya juu. Kwenye iPhone huitwa "Wi-Fi Assist" na uko chini kabisa ya ukurasa wa data ya laini. Mwenye bando kubwa anaweza kuuacha. Anayenunua data kwa siku ni heri auzime.

Mwisho ni kwa wale wanaoendesha Wi-Fi: wakuu wa shule, wenye hoteli, wenye saiba na wahudumu wa maktaba. Simu huhukumu kwa kugonga milango michache tu. Shule ikifunga tovuti nyingi ili wanafunzi wasipoteze muda, na katika orodha hiyo ikafunga bila kujua anwani za kipimo, simu nyingi za Android zitakazoingia zitasema hakuna intaneti hata kama rauta ina kasi ya ajabu. Walimu watalalamika, kampuni ya mtandao itaitwa, itapima na kukuta kila kitu ni sawa. Fundi anaweza kuthibitisha kwa kompyuta iliyounganishwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo kwa amri hii:

```
curl -i http://connectivitycheck.gstatic.com/generate_204
```

Mstari wa kwanza wa jibu ukiwa na 204, kipimo hicho kimepita. Ukiwa na 302 au 200, kuna ukurasa wa kujiandikisha unaoingilia kati, jambo ambalo ni sawa kwa mtu ambaye hajajiandikisha na ni kosa kwa aliyekwisha kujiandikisha. Lisiporudi jibu wakati tovuti nyingine zinafunguka, anwani hiyo imefungwa, na inatakiwa iruhusiwe pamoja na www.google.com/generate_204 na captive.apple.com. Na pale penye kikomo cha muda, karatasi moja ukutani yenye maneno "Wi-Fi hii hujifunga kila baada ya dakika 30, zima data yako, kisha ujiandikishe tena" ingemwokolea yule mama bando lake lote.

Mkazi ambaye simu yake inaendelea kuhama baada ya kujaribu haya afike nayo kwa mhudumu wa Wi-Fi mahali anapoitumia, akiwa ameandika mambo matatu: maneno kamili ya ujumbe uliotokea, saa ulipotokea, na kama simu ya mtu mwingine hapo ilikuwa na shida hiyo hiyo.